Kwa Nini Hapa na Si Pale: Ramani ya Maporomoko ya Ardhi kwa Makazi ya Mlimani

(Mhadhara kwa wananchi wa Kata ya Ilembo)



Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ilinyesha mvua ya takriban milimita 100 kwa muda usiozidi saa tatu. Mvua ilipokatika, miteremko ilikuwa na makovu mapya zaidi ya 1,000 ya udongo ulioporomoka. Wataalamu Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza makovu hayo, wakaona kwamba mengi hayakuwa na kina kikubwa, na kwamba karibu yote yalikuwa katika mashamba na nyasi. Yaliyotokea ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mvua ilikuwa moja na milima ni ile ile, lakini shamba moja liliondoka na la jirani likabaki.

Kwa nini hapa na si pale? Hilo ndilo swali ambalo ramani ya maporomoko hujaribu kulijibu. Ramani hiyo hutengenezwa kwa kompyuta, katika mfumo wa taarifa za kijiografia ujulikanao kwa kifupi kama GIS, kwa kupanga matabaka matatu ya taarifa, moja juu ya jingine: ukali wa mteremko, kina cha udongo, na mvua. Kila tabaka hugawanywa katika miraba midogo, na kila mraba hupewa thamani yake. Kisha kompyuta huisoma miraba iliyo mahali pamoja na kukadiria iwapo udongo wa hapo utashika au utaondoka.

Wengi hudhani kwamba mteremko peke yake watosha, yaani palipo pakali zaidi ndipo penye hatari zaidi. Hesabu haisemi hivyo. Udongo ulio mlimani huvutwa chini na uzito wake, na hushikiliwa na nguvu mbili: msuguano wa chembe zake na mshikamano wake, ukiwamo ule unaoletwa na mizizi. Nguvu inayoshikilia ikigawanywa kwa nguvu inayovuta, hupatikana kipimo cha uthabiti. Kikiwa juu ya 1, udongo hukaa. Kikishuka chini ya 1, huondoka.

Chukuliwe mfano wa hesabu wa sehemu mbili za mlima mmoja zenye udongo wa aina moja. Sehemu ya kwanza ina mteremko wa nyuzi 40, lakini mwamba uko nusu mita tu chini. Sehemu ya pili ina mteremko wa nyuzi 30, na udongo wake una kina cha mita 2. Kwa udongo wenye mshikamano wa wastani, sehemu ya pili ikiwa kavu hupata kipimo cha takriban 1.3, nayo hukaa. Maji yakijaa hadi nusu ya kina chake, kipimo hushuka hadi karibu 1.05. Yakijaa hadi juu, hushuka hadi takriban 0.8, na udongo huondoka. Ile sehemu kali zaidi, hata ikilowa yote, hubaki na kipimo cha takriban 1.4.

Sababu yake ni rahisi. Mshikamano hauongezeki kwa kuwa udongo ni mnene, ilhali uzito huongezeka. Udongo mwembamba ni mzigo mwepesi uliofungwa kwa kamba ile ile. Udongo mnene ni mzigo mzito. Maji nayo, yakijaa baina ya chembe, huzisukuma zisikandamizane, na msuguano hupungua. Kwa hiyo nyumba iliyo mahali panapoonekana pa wastani, penye udongo mwingi mzuri kwa kilimo, yaweza kuwa katika hatari kuliko ile iliyojengwa juu yake, karibu na mwamba.

Ubora wa ramani basi hutegemea ubora wa matabaka yake, nayo hayalingani. Mteremko hukokotolewa kutoka vipimo vya mwinuko vya setilaiti, ambavyo hupatikana bila malipo kwa miraba yenye upande wa mita 30. Mraba mmoja una eneo la mita za mraba 900, nao huweza kumeza nyumba mbili au tatu pamoja na ukuta wa udongo uliochongwa nyuma yake ili kupata kiwanja. Ukuta huo, ambao ndio huanguka mara nyingi, ramani haiuoni. Huonekana tu kwa kwenda mahali penyewe na kupima.

Mvua ina tatizo kubwa zaidi. Tabaka la CHIRPS, litumikalo sana Afrika Mashariki na lenye kumbukumbu tangu mwaka 1981, lina miraba yenye upande wa zaidi ya kilomita 5. Makazi yote ya mlima mmoja huweza kuangukia ndani ya mraba mmoja na kupewa mvua ile ile. Tabaka hilo haliwezi kutofautisha nyumba na nyumba. Kazi yake halisi ni kueleza ni lini hatari hupanda, katika msimu wa mvua unaoanza karibu na Novemba hadi Aprili, na si mahali gani. Ramani inayoonyesha tofauti kubwa za mvua baina ya mitaa miwili ya mlima mmoja yafaa kutiliwa shaka.

Tabaka la kina cha udongo ndilo gumu kupatikana kutoka angani, na ndilo ambalo wananchi wanalo tayari. Kila aliyechimba shimo la choo, kisima au msingi wa nyumba anajua alifika wapi ndipo akakuta mwamba. Vipimo vya mashimo hayo, pamoja na mahali kila shimo lilipo, vikikusanywa na Wenyeviti wa Mitaa, ndivyo hujenga tabaka ambalo setilaiti haina. Pasipo vipimo hivyo, mtaalamu hulazimika kukisia, na kisio likikosea kwa mita moja, nyumba yaweza kubadilika rangi katika ramani.

Ramani ikishakamilika, hujaribiwa kwa makovu ya zamani. Baadhi ya makovu hufichwa wakati wa kuitengeneza, kisha hutazamwa kama yameangukia katika miraba iliyotiwa rangi ya hatari. Yakiangukia nje, ramani ina kasoro, hata kama inapendeza machoni.

Tena, ramani ya aina hii huonyesha mahali ambapo poromoko laweza kuanzia, wala si mahali litakapofikia. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilivyotoka Mlima Hanang' vilifuata mikondo ya maji hadi mji wa Katesh chini ya mlima, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mji ule haukujengwa katika mteremko mkali. Kwa hiyo mikondo ya maji iliyo chini ya miraba ya hatari sharti ifuatwe na kuchorwa peke yake.

Aliye katika mraba wa hatari hakuhukumiwa kuhama kesho. Kwanza aepushe maji: mtaro wa juu ya nyumba uyapeleke pembeni, na maji machafu yasimwagwe katika udongo mnene. Asichonge mlima zaidi, wala asikate miti iliyo juu yake. Na akiona ufa wenye umbo la upinde ardhini, miti au nguzo zilizoanza kuinama, milango inayokwama ghafla, au chemchemi iliyogeuka tope, aondoe familia yake kwanza, kisha ampashe habari Mtendaji wa Kata.