Ujumbe wa Ajira Unaodai Ada Kwanza



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ujumbe unaompa mtu kazi kisha ukamtaka alipe kabla hajaianza. Ningeweza kuwasomea orodha ndefu ya dalili, lakini mtu aliyekaa miezi minane bila kazi hakumbuki orodha pindi simu yake inapolia. Nitachukua ujumbe mmoja tu tuusome pamoja, neno kwa neno. Nimeutunga mwenyewe kwa kufuata umbo la ujumbe wa namna hii, ili nisimtaje mtu wala kampuni:

"HONGERA. Umechaguliwa nafasi ya msaidizi wa ghala. Mshahara 850,000 kwa mwezi, chakula na malazi bure. Tuma 25,000 ya fomu na kipimo cha afya kwenye namba hii kabla ya saa 10 leo jioni. Pesa yako itarudishwa pamoja na mshahara wa kwanza. Usipige, afisa yuko kikaoni. Idara ya Utumishi."

Tazameni kwanza kile kisichokuwamo. Jina la mwombaji halimo. Jina la mwajiri halimo, wala mji ambao ghala hilo limejengwa, wala tarehe ya maombi, wala kumbukumbu namba ya tangazo. Mwandishi ameacha nafasi hizo wazi kwa makusudi, kwa kuwa anajua msomaji atazijaza mwenyewe. Kijana aliyepeleka maombi sehemu 20 atajiambia, "Hawa watakuwa wale wa mwezi uliopita." Akijibu na kuuliza, "Ni kampuni ya vinywaji ile?" basi amekwisha kumpa mwenzake jina la kujinasibisha nalo. Kuanzia hapo kila ujumbe utakuja na jina la kampuni hiyo, na kijana ataapa kwamba wao ndio waliolitaja kwanza.

Kwa hiyo ukitaka kujibu, usitoe jina. Uliza: niliomba nafasi gani, kwenu, tarehe gani? Mwajiri wa kweli ana barua yako mezani na swali hilo halimsumbui. Tapeli atakujibu kwa haraka na kwa ukali, kwamba waombaji ni wengi na nafasi yako itapewa mwingine.

Sasa tuzitazame zile shilingi 25,000. Kiasi hicho kimepimwa. Ni kikubwa vya kutosha kumnufaisha anayetuma ujumbe kwa mamia ya watu, na ni kidogo vya kutosha mtu kukikopa kwa jirani bila kuitisha kikao cha familia. Tena kimevikwa jina la heshima. Hakuna anayeandika "nipe hongo". Huandika fomu, kipimo cha afya, sare, kitambulisho, bima, mafunzo ya siku mbili. Yote hayo ni mambo yaliyopo katika kazi halali, ndiyo maana neno lenyewe haliwezi kukuonya. Kinachoonya ni mwendo wa fedha. Katika ajira, fedha hutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi. Zinapoanza kwenda kinyume kabla ya siku ya kwanza ya kazi, hapo pana jambo.

Nawapa jaribio moja la hoja, ambalo ni jepesi kwa yeyote. Ujumbe unasema fedha zitarudishwa na mshahara wa kwanza. Kama ni hivyo, mwajiri hapotezi chochote akilipa yeye leo na kukukata mwisho wa mwezi. Mwandikie hivi: "Nashukuru. Sina fedha kwa sasa, naomba mnikate katika mshahara wangu wa kwanza." Anayeweza kukulipa 850,000 kila mwezi hatashindwa kusubiri 25,000 kwa siku 30. Tapeli hawezi kukubali, kwa sababu mshahara haupo. Atapunguza, aseme tuma hata 10,000. Upunguzaji huo nao ni jibu: ada halisi ya kipimo cha hospitali haishuki kwa sababu mgonjwa amelalamika.

Tuseme kijana wetu hakulifanya jaribio hilo, akaamua kutuma. Bado upo mlango mmoja wa kutokea. Unapotuma fedha kwa simu, kabla hujaingiza namba ya siri, huonyeshwa jina la mwenye laini inayopokea. Wengi hulipita jina hilo kama wanavyopita kibao cha barabarani. Lisome. Kama kampuni ndiyo inayodai, mbona jina ni la mtu binafsi? Ukiuliza utaambiwa, "Huyo ni mhasibu wetu," au "Ni daktari wa vipimo." Kampuni yenye mhasibu ina akaunti ya benki au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara, nayo hutoa stakabadhi. Lakini hapa niongeze tahadhari: jina lile si ushahidi kwamba mwenye jina ndiye mwizi. Laini huweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari. Basi msilisambaze jina hilo mitandaoni, lipelekeni polisi.

Pengine mtaniuliza: je, mtafuta kazi halipi chochote kabisa? Hulipa, na ni vema tutofautishe. Atalipa nauli, atalipa kwa wakili kuthibitisha nakala za vyeti, na kazi nyingine humhitaji awe na pasipoti. Gharama hizo hulipwa kwa yule anayetoa huduma, na mlipaji huondoka na kitu mkononi. Malipo ya serikali hapa Tanzania hufanywa kwa kontroo namba, wala hayatumwi kwenye simu ya ofisa. Hata hivyo, kontroo namba aliyokutumia mtu usiyemjua haithibitishi kazi. Yaweza kuwa ni deni lake mwenyewe anataka umlipie. Soma jina la mlipaji na maelezo ya malipo kabla ya kuthibitisha.

Kuhusu kazi za utumishi wa umma, maombi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye tovuti ya portal.ajira.go.tz, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani. Sekretarieti haitozi ada kwa kuomba kazi wala kwa kupangiwa kituo. Anayesema anaweza "kuliingiza jina lako" kwa malipo, hata akiwa na barua yenye nembo ya taifa na mhuri wa bluu, hana cha kuuza. Nembo hunakiliwa kwa dakika moja.

Matapeli hupenda pia anwani za tovuti zinazofanana na za kweli, basi jifunzeni kuisoma anwani kutoka kulia. Chukueni sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza, yaani sehemu inayoanza na jina na kuishia pale alama ya / inapoingia. Maneno ya mwisho ya sehemu hiyo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Ya serikali yetu huishia na .go.tz. Kama maneno "ajira" na "go" yapo mwanzoni au katikati, lakini mwisho wake ni kitu kingine, tovuti hiyo si ya serikali.

Njia iliyo imara kuliko zote ni kuithibitisha kazi kwa mlango mwingine. Ujumbe wetu ulisema, "Usipige." Wapigie, lakini si kwa namba iliyokuja na ujumbe. Tafuta namba ya kampuni kwenye tangazo la awali au kwenye tovuti yake, au fika ofisini ukiwa na ujumbe huo. Kama anayekuandikia anajiita wakala wa ajira, uliza ofisi ya kazi ya mkoa wako kama anatambulika. Zile saa chache ulizowekewa kama mwisho zimewekwa kukuzuia usifanye safari hii tu.

Nirudi kwa kijana wetu, kwa kuwa ametuma. Jioni ile anapokea "barua ya ajira" yenye nembo. Kesho yake anaambiwa sare na kitambulisho ni 40,000. Keshokutwa, bima ya ghala, 60,000. Sasa amefika 125,000, na kila anapotaka kuacha anakumbuka alizokwisha toa, akihofia zitapotea bure. Hofu hiyo ndiyo inayowapatia matapeli malipo ya pili na ya tatu. Ile 25,000 ilipotea siku ya kwanza. 60,000 ya leo haiwezi kuirudisha. Wengine huacha tu wanapoishiwa, na siku hiyo namba ya "Idara ya Utumishi" huacha kupatikana.

Kama limekwisha kukufika, dakika za mwanzo zina thamani kuliko siku zinazofuata. Pigia mtandao wako namba 100, uwatajie kumbukumbu namba ya muamala na namba iliyopokea. Fedha zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala, huenda mtandao ukaweza kuzizuia. Zikishatolewa, nafasi ya kuzipata ni ndogo sana, na sitawadanganya juu ya hilo. Usifute ujumbe hata mmoja, hata kama unakutia aibu. Nenda kituo cha polisi ukafungue jalada na upewe namba ya RB, kwa maana kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aidha, peleka ujumbe wenyewe kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano na ufuate maelekezo utakayopewa, ili namba hiyo ishughulikiwe. Fanya hivyo hata kama hukutuma shilingi, maana anayefuata kupokea ujumbe ule huenda hakusoma kijitabu hiki.

Baada ya siku chache huenda akapiga mtu mwenye sauti ya upole, akijitambulisha kuwa ni ofisa anayerejesha fedha za waliotapeliwa. Atataka "ada ndogo ya kurejesha", au namba yako ya siri ili "aingize fedha". Jiulize amejuaje kwamba umetapeliwa. Mara nyingi ni wale wale, au wenzao waliopewa namba yako. Kata simu.

Mwisho, wapo wanaojaza "fomu ya ajira" kwa kuandika namba ya NIDA na kupiga picha kitambulisho pande zote mbili. Hao wamepoteza zaidi ya ada, hata kama hawakulipa kitu. Ukishafanya hivyo, piga *106# kwenye simu yako uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako halisi, uiombe ifutwe, na baada ya wiki kadhaa uangalie tena.