Diodi ya usiku: je, bado tunaihitaji kama reguleta iko?

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya wanachama na wageni wafadhili, kwenye mkutano wa mafundi wa sola wa chama)



Leo hatutasema juu ya sola yote. Tutasema juu ya kitu kimoja kidogo kama punje ya mahindi, kinaitwa diodi. Tunakisema kwa sababu kimeleta ubishi kati yetu. Kundi moja linasema: kila plaki iwekewe diodi, ndivyo tulifundishwa kule kambini ng'ambo ya ziwa. Kundi lingine linasema: hiyo ni ya zamani, reguleta ya sasa inafanya kila kitu. Wote wawili wako na haki kidogo, na wote wawili wameshaua betri. Tuanze na betri moja iliyokufa.

Mama mmoja mwanachama wetu alirudi na plaki ya wati 50 na betri ya ampea-saa 70. Hakuwa na reguleta. Waya mbili tu zilitoka kwenye plaki mpaka kwenye betri, na miaka miwili ilimfanyia kazi vizuri: taa tatu, redio, na simu za majirani. Halafu akaenda kuangalia wazazi ambao bado wako kambini. Kwa kuogopa wezi, alishusha plaki kwenye bati na kuiweka ndani ya nyumba, imelala kifudifudi chini ya kitanda. Hakuifungua kwenye betri. Taa zote alizima. Aliporudi nyuma ya siku 35, betri ilikuwa na volti 10.9, na tangu siku ile haijashika chaji tena.

Jirani walisema mtu aliingia akatumia umeme. Hapana, wandugu. Ni plaki yenyewe iliyokunywa betri.

Inakuwaje? Plaki ya volti 12 ya aina ile iko na seli 36 zilizofuatana kama ushanga. Jua likiwaka, kila seli inasukuma umeme. Jua likizama, seli haisukumi tena, lakini haigeuki kuwa kipande cha ubao. Ndani yake kila seli ni diodi, na betri inaikuta imeelekea upande wake wa kupitisha. Betri ya volti 12.6 ikigawanywa kwa seli 36, kila seli inapata volti 0.35. Hiyo ni ndogo, haifungui mlango kabisa, lakini mlango unavuja. Na kama seli imepasuka au maji yameingia chini ya kioo, unavuja zaidi.

Plaki ya yule mama iko na ufa kwenye kona. Tuliipima gizani na betri nyingine nzima: miliampea 58 zilikuwa zinarudi kutoka betri kwenda plaki. Tuhesabu pamoja. Plaki ikiwa juu ya bati, inavuja usiku tu, saa 12. Hiyo ni kama ampea-saa 0.7. Asubuhi, jua zuri likitoa ampea 2.8, deni lile linalipwa kwa robo saa. Ndiyo maana kwa miaka miwili hakuona kitu. Lakini plaki ikiwa chini ya kitanda, usiku ni saa 24 na hakuna asubuhi. Hiyo ni ampea-saa 1.4 kila siku, na kwa siku 35 ni karibu 49. Hata tukipunguza kidogo, maana betri ikishuka mvujo nao unashuka, bado zaidi ya nusu ya betri imekwenda. Na betri ya risasi ikikaa bila chaji kwa wiki nyingi, plati zake ndani zinashikwa na ugumu mweupe, hairudi kuwa nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kushika ni hili: mvujo wa usiku wa kila siku ni hasara ndogo. Betri yako ikikosa umeme kila asubuhi, usikimbilie diodi kwanza. Angalia taa iliyobaki inawaka, chaja ya simu iliyobaki kwenye waya, au betri iliyozeeka. Mvujo unaua pale ambapo plaki inafungwa kwenye betri na jua haiioni kwa siku nyingi. Mama yule angefungua waya moja tu, betri ingekuwa hai.

Sasa, kwa mfumo kama wake, usio na reguleta, diodi ni dawa. Ni mlango wa njia moja. Inakaa kwenye waya ya plasi, kati ya plaki na betri, na ule mstari uliochorwa mwilini mwake unaangalia upande wa betri. Ukiigeuza, haitachaji hata kidogo, hiyo utaona siku ile ile. Kwa plaki ya wati 50 inayotoa ampea 3, usichukue diodi ya ampea 3 kamili kama 1N5408, itafanya kazi mwisho wa nguvu yake. Chukua ya ampea 5 au 6. Iache kwenye hewa, usiifunge kwa mpira na plastiki, maana inapata moto.

Moto ule ndio bei yake. Diodi ya kawaida inakula karibu volti 0.7 mpaka 0.9. Ile inayoitwa ya Shotki, kama SB560, inakula karibu nusu ya hiyo. Kwa baridi ya milimani huko juu Fizi, plaki iko na volti za kutosha, hutasikia tofauti. Lakini hapa kando ya ziwa, saa saba mchana juu ya bati, plaki inapata moto mkali na volti zake za kazi zinashuka, kutoka 17 na kitu mpaka 15 hivi. Betri inayokaribia kujaa inataka 14.4. Ukitoa upotevu wa waya ndefu, halafu ukatoa diodi ya kawaida, hakuna kinachobaki cha kusukuma. Kwa hiyo huku kwenye joto, kama lazima diodi, iwe ya Shotki.

Hapa kuna kosa moja tumelikuta mara nyingi. Fundi anafungua kisanduku cheusi nyuma ya plaki, anaona diodi mbili ndani, anasema: hii plaki tayari iko na diodi. Hapana. Zile ni za kazi nyingine: kupitisha umeme pembeni wakati kivuli kimefunika seli kadhaa. Haziko njiani kati ya seli na betri, ziko pembeni ya seli. Usiku umeme unapita katikati ya seli zenyewe, na zile diodi hazizuii kitu.

Tuje kwa reguleta, maana hapo ndipo ubishi uko. Reguleta ya kweli inazuia umeme kurudi usiku. Zile za zamani zilizokuwa zinakutanisha waya mbili za plaki wakati betri imejaa zilikuwa na diodi ndani, lazima, vinginevyo zingekutanisha na betri pia. Zile za sasa zinatumia transista kama swichi. Lakini transista moja ya aina ile inafunga upande mmoja tu, upande wa pili mwili wake unapitisha kama diodi. Ndiyo maana reguleta iliyotengenezwa vizuri inaweka transista mbili zinazopeana mgongo, au transista moja na diodi. Mtengenezaji akibana pesa, au transista ikiungua na kubaki imefunguka, mlango wa usiku uko wazi na wewe hujui.

Basi usiamini karatasi, pima. Ni kazi ya dakika tano. Ngoja giza liingie kabisa. Weka tesita kwenye volti, gusa sehemu mbili za plaki kwenye reguleta, plasi ya plaki na mainasi ya plaki. Usitumie mainasi ya betri, maana reguleta nyingi zimeunganisha plasi zote pamoja na utadanganywa. Ukisoma karibu na sifuri, au volti chache, mlango umefungwa. Ukisoma kama betri, tuseme 12.5, kuna shaka. Sasa fungua waya ya plasi ya plaki, weka tesita kwenye ampea, tundu la 10 A kwanza, na uiweke katikati ya waya ile na mahali ilipotoka. Usiweke kamwe tesita ya ampea moja kwa moja juu ya betri, itaungua mkononi. Miliampea moja au mbili si kitu. Zikiwa makumi, reguleta ile haizuii.

Je, kuongeza diodi mahali reguleta nzima iko, kuna ubaya? Kati ya plaki na reguleta, ubaya ni ule wa joto tuliosema, unapoteza bure. Kati ya reguleta na betri, hapo ni hatari. Kwenye kituo kimoja tulikuta taa zinazima jua likizama tu, na watu wamebadilisha betri mara mbili. Fundi alikuwa ameweka diodi kwenye waya ya betri. Mchana ilipitisha chaji, usiku ilizuia betri isilishe reguleta wala taa. Na hata mchana, reguleta ilikuwa inasoma volti nusu juu ya ukweli wa betri, inasema imejaa kumbe bado, inaacha kuchaji mapema. Tulitoa diodi, taa zikawaka usiku ule ule.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa kamati ni hili. Nyumba ambazo waya inatoka plaki moja kwa moja kwenye betri, pesa iende kwanza kwa reguleta, maana diodi inazuia umeme kurudi lakini haizuii betri kuchemka ikijaa. Wakati tunangoja reguleta, diodi ya Shotki ya ampea 5 iwekwe. Nyumba zenye reguleta, tusiongeze diodi. Tupime kila moja usiku mmoja, na ile inayovuja itolewe kwenye kazi. Na kila mwanachama anayesafiri au anayeshusha plaki, afungue kwanza waya ya plaki. Hiyo haina bei.

Tesita mbili za chama ziko kwa mweka hazina. Anayetaka kupimiwa aandikishe jina lake kwake, na jioni akae nyumbani atungoje.