Barua ya Kuomba Kufutiwa Usajili wa VAT Baada ya Kufunga Biashara



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya barua moja fupi. Ni barua ambayo mwenye biashara iliyofungwa humwandikia Kamishna katika ofisi ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) inayomhudumia, akiomba aondolewe katika usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo sote tumezoea kuiita VAT. Sisi hatutozi kodi wala hatufuti usajili wa mtu. Kazi yetu ni kumwonyesha mwananchi kinachotakiwa kwake kabla hajajikuta akidaiwa.

Kosa linaloanza mapema zaidi ni kudhani kwamba duka likifungwa, usajili nao hufungwa. Mlango ni wako, lakini usajili uko kwenye mfumo wa iTax, na mfumo hauoni kufuli. Kila mwezi utaendelea kungoja ritani yako ya VAT, ambayo hutakiwa kufika kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata au siku hiyo hiyo, hata kama hukuuza sindano. Ritani ya VAT ikichelewa, faini ni asilimia 5 ya kodi iliyostahili kulipwa au shilingi 10,000, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa zaidi. Asiyeuza kitu hana kodi ya kupigiwa asilimia, kwa hiyo hubaki na zile 10,000. Aliyefunga mwishoni mwa Machi kisha akanyamaza kuanzia ritani ya Aprili hadi ya Septemba, hizo ni ritani sita, na deni ni shilingi 60,000 juu ya biashara ambayo haipo.

Sheria humpa anayeacha kuuza bidhaa au huduma zinazotozwa VAT siku 30 za kuomba kufutiwa usajili, kuanzia siku aliyoacha. Ombi lenyewe hufanywa kupitia iTax, na barua huambatana nalo ili kumweleza afisa yale ambayo fomu haiwezi kuyasema. Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la rangi na vigae huko Likoni, Mombasa. Tuseme alifunga tarehe 31 Machi, na barua yake ya kwanza ikasema hivi:

“Naomba mnifungie VAT kwa sababu biashara haiendi vizuri na hali ya uchumi ni ngumu.”

Ni maneno ya kweli, na yanagusa moyo. Hata hivyo afisa hawezi kuyafanyia kazi. Biashara isiyokwenda vizuri bado ni biashara. Huenda kesho ikauza. Anayeendelea kuuza, ila mauzo yake kwa miezi 12 yameshuka chini ya shilingi milioni 5, anaweza naye kuomba kufutiwa usajili, lakini hilo ni ombi la namna nyingine, lenye ushahidi wake. Afisa anayesoma barua hii hajui ni lipi kati ya mawili analoombwa, na hajui siku 30 zihesabiwe kutoka lini. Ataandika kuuliza, na huku nyuma miezi itakuwa inahesabika.

Sasa tusome barua ambayo tungemshauri aiandike, yenye tarehe 14 Aprili na nambari yake ya PIN juu:

“Mimi ndimi niliyekuwa na duka la rangi na vigae Likoni. Niliacha kuuza bidhaa zinazotozwa VAT tarehe 31 Machi, na ankara yangu ya mwisho ni ya siku hiyo. Mkataba wangu wa pango umekwisha siku hiyo hiyo. Sina tawi jingine wala biashara nyingine inayotozwa VAT. Ritani zote hadi ya Februari nimekwisha kuziwasilisha. Ya Machi nitaiwasilisha kabla ya tarehe 20 Aprili. Nimebakiwa na makopo 60 ya rangi yenye thamani ya shilingi 300,000, ambayo kodi ya ununuzi wake nilikwisha kuidai. Nimeyahifadhi nyumbani na nitayaingiza katika ritani ya mwisho. Naomba usajili wangu ufutwe na nipewe notisi ya maandishi. Nimeambatisha barua ya mwenye nyumba, nakala ya ankara ya mwisho na orodha ya bidhaa zilizobaki.”

Humo hamna malalamiko wala maombezi. Kila sentensi inajibu swali ambalo afisa angeliuliza.

Wengi hushangaa kuona makopo ya rangi yakitajwa, na wengine huona heri kuyanyamazia. Sababu ya kuyataja ni hii: aliponunua rangi ile alilipa VAT, kisha akaipunguza katika ritani yake kwa hoja kwamba angeiuza na kuitoza VAT. Usajili ukifutwa rangi ikiwa bado ipo, sheria huihesabu kuwa imeuzwa. Kwa kiwango cha asilimia 16, makopo ya shilingi 300,000 yanadaiwa kodi ya shilingi 48,000. Ritani ya mwisho na malipo hayo hutakiwa ndani ya siku 15 tangu usajili kufutwa, kwa hiyo fedha hizo ni vyema ziwekwe kando mapema. Kwa mawazo yetu, aliye na nafasi afadhali auze bidhaa zote na kutoza VAT kabla ya kuitaja tarehe ya kuacha. Fedha ya kodi itatoka kwa mnunuzi, na ile ritani ya mwisho itakuwa nyepesi.

Tarehe hiyo ya kuacha ndiyo nguzo ya barua nzima, nayo ndiyo huvunjika kwa urahisi. Tuseme mwezi Mei fundi amemjia mama yetu nyumbani, akanunua makopo kumi na kuomba ankara ya kodi, naye akaitoa. Mkandarasi anayemwajiri fundi akiitumia ankara ile kudai kodi, itaonekana kwenye mfumo ikiwa na PIN ya mama na tarehe ya Mei. Barua inasema aliacha Machi. Afisa atasimamisha ombi, na ana haki.

Jambo linalowaponza hata walioandika vizuri ni kipindi cha kungoja. Barua iliyopokewa si usajili uliofutwa. Usajili hukoma kwa tarehe inayotajwa katika notisi ya Kamishna, na mpaka notisi hiyo ifike, ritani hutakiwa kila mwezi, hata iwe tupu. Mama yetu asiyeuza tena atawasilisha ritani tupu ya Aprili kabla ya tarehe 20 Mei, na ya Mei kabla ya tarehe 20 Juni, hivyo hivyo hadi notisi ifike. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo humwokoa na zile 10,000 za kila mwezi. Barua ikikaa bila jibu, aende ofisini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa pamoja na stakabadhi ya ombi la iTax.

Notisi ikishafika, asitoe tena ankara yenye VAT. Vitabu na stakabadhi zake azihifadhi kwa miaka mitano, maana kufutiwa usajili hakufuti kodi ya miezi aliyokuwa amesajiliwa. Tena PIN yake haifi. Kilichoondolewa ni wajibu wa VAT peke yake; ritani ya kodi ya mapato itaendelea kudaiwa kila mwaka kama kawaida.