Barua ya Kuomba Tuta: Iandikwe Vipi Hata Mhandisi Afike Mapera

Ndugu wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa kamati za shule,

Mtoto akigongwa karibu na shule, vijana hubeba mawe na udongo wakaweka tuta usiku huohuo. Uchungu wao naujua. Lakini tuta lile halina bango wala rangi, na bodaboda anayeshuka mlima kwenye ukungu hulitambua akiwa tayari amelipanda. Isitoshe, kuweka kizuizi barabarani bila kibali ni kosa, na aliyekiweka anaweza kushtakiwa. Njia iliyobaki ni barua, na barua nyingi hukwama kwa sababu zinazoweza kurekebishwa.

Ya kwanza ni kukosea ofisi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, ambayo meneja wake wa mkoa wetu yuko Songea. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA, yenye meneja wake wilayani. Msikisie. Muulizeni Mtendaji wa Kata barabara yenu iko kwenye orodha ya nani, kisha andikeni jina lake kama linavyosomeka kwenye orodha hiyo.

Ya pili ni kuomba kitu ambacho barabara haiwezi kukibeba. Rangi ya kivuko cha pundamilia haikai kwenye changarawe, na tuta la udongo huondoka greda likipita au mvua za masika zikianza. Kama barabara yenu ni ya vumbi, ombeni mabango ya shule na ya mwendo, kufyeka majani yanayoziba kona, na njia ya waenda kwa miguu pembeni. Kama ni ya lami, tuta linafaa. Tuta la kawaida la mviringo lina kimo kisichozidi sentimita 10 na upana wa mita 3.7 hivi kufuata uelekeo wa gari. Likiwa fupi na lenye ncha huvunja springi na kumwangusha mwendesha pikipiki. Kivuko cha rangi peke yake sikiamini: dereva asiyelazimika kupunguza mwendo hukipita tu. Ombeni kivuko kikiwa na tuta kabla yake, kila upande.

Ya tatu, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi, ni barua kusema "magari yanakwenda kasi sana" bila kipimo. Kupima hakuhitaji mtambo. Chukueni kamba, pimeni mita 50 kando ya barabara, wekeni alama mbili. Mmoja asimame mbali na lami, akiwa na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Gari likipita alama ya kwanza anaanza, likipita ya pili anasimamisha. Kisha 180 igawanywe kwa sekunde hizo: jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilomita 50, kikomo cha kisheria kwenye maeneo ya makazi. Sekunde 2 ni kilomita 90. Kosa la nusu sekunde kwenye kidole hubadilisha jibu sana, kwa hiyo pimeni magari 20 au zaidi, saa ya watoto kwenda shule na saa ya kutoka, na mrudie msimu wa kahawa malori yanapoongezeka. Andikeni yote, hata yaliyokwenda polepole. Mhandisi akiona mmechagua ya kasi tu, hataamini hata hayo.

Kwa mwendo wa kilomita 50, gari husogea mita 21 hivi kabla mguu wa dereva haujagusa breki, tukihesabu sekunde moja na nusu ya kushtuka. Kama kona inaficha watoto hadi mita 20, pimeni umbali huo na muutaje.

Mwili wa barua basi uwe hivi, takwimu zikiwa za mfano tu:

"YAH: OMBI LA UKAGUZI WA USALAMA NA UJENZI WA TUTA. Eneo ni mita 200 kutoka daraja, upande wa shule. Tarehe fulani, saa 1 hadi saa 2 asubuhi, tulipima magari 24. 15 yalizidi kilomita 50 kwa saa. Wanafunzi 130 walivuka. Dereva anayeshuka anawaona akiwa umbali wa mita 25. Tunaomba mhandisi afike akague, na tunapendekeza tuta, kivuko na mabango."

Ipitisheni kwa Mtendaji wa Kijiji na wa Kata, ambatanisheni muhtasari wa mkutano wa kijiji, na nakala ziende kwa diwani na polisi wa usalama barabarani. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na makadirio huandaliwa miezi kadhaa kabla. Barua ya Mei huwakuta wamekwisha kufunga hesabu.

Mhandisi anaweza kukataa tuta penye mteremko mkali, kwa kuwa lori lenye shehena hushindwa kulikabili. Akikataa, ombeni sababu kwa maandishi na kile atakachoweka badala yake.

Naomba kila kitongoji chenye shule kando ya barabara kichague leo watu wawili wa kushika kamba na simu.