Deni ni la mkopaji, si la shangazi

Mkopaji wa Kawangware akichelewesha shilingi elfu mbili za mkopo wa simu, anayepigiwa simu ni shangazi yake, au bosi wake pale mjini. Huo ni uonevu, na ni kosa. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo kama hayo.

Deni lenyewe halifutiki. Ila usifute ujumbe: piga picha ya skrini ionyeshe namba na saa, shangazi naye ahifadhi wake, kisha mpeleke malalamiko kwa Kamishna. Sheria inampa siku 90 kuamua.