Maneno ya Kiitalia katika Nyimbo Zetu
(Hotuba kwa walimu na waimbaji, Mbekenyera)



Juu ya nyimbo nyingi tunazojifunza yameandikwa maneno ya Kiitalia, maana waandishi wa muziki wa Italia waliyatumia tangu miaka ya 1600, na mataifa mengine wakayapokea. Leo nataka tuyatazame mawili, alegro na sostenuto. Twazoea kuyafasiri “upesi” na “polepole”, na tafsiri hizo zaharibu uimbaji.

Alegro kwa Kiitalia ni furaha. Basi tuseme “kwa uchangamfu.” Mwimbaji aambiwaye “upesi” hukimbia na kumeza silabi, aambiwaye “kwa uchangamfu” hushika mwendo wake. Twaeni maneno haya: Tunakushukuru Mungu wetu. Silabi zake ni kumi. Tukiimba silabi mbili kwa kila pigo, tutapata mapigo matano, na mkazo wa maneno, yaani KU, MU na WE, utaangukia mwanzo wa pigo la tatu, la nne na la tano. Mkisikia “tunakshukuru”, jueni silabi moja imemezwa, na mkazo umetoka mahali pake.

Sostenuto maana yake ni kilichotegemezwa, kama boriti ishikwavyo na nguzo. Tuseme “kwa kutegemeza sauti.” Wimbo waweza kwenda taratibu kidogo, walakini kazi yenyewe ni kuidumisha sauti mpaka noti itimize kipimo chake. Katika solfa, kistari kifuatacho noti hutuamuru kuendelea na sauti ile ile. Shikeni irabu, na pumzi ivutwe baada ya “Tunakushukuru”, wala si katikati ya neno. Kwaya iambiwayo “polepole” tu hulegea, na sauti hushuka chini. Mwalimu atatambua mwishoni akilinganisha na noti aliyoitoa mwanzo.

Nao mwendo twaupimaje pasipo chombo cha kupimia? Fungeni jiwe dogo katika uzi, urefu wa sentimeta 25 kutoka kidoleni hata katikati ya jiwe, mkalibembeze kidogo tu. Kila lifikapo upande mmoja hesabuni pigo: yatakuwa mapigo 120 kwa dakika, mwendo ufaao kwa alegro nyingi. Mkihesabu lirudipo upande ule ule tu, yatakuwa 60, mwendo wa kujifunzia sostenuto. Kwa mwendo huu imbeni silabi moja kwa kila pigo, na maneno yale yale yatachukua sekunde kumi badala ya mbili na nusu. Hapo ndipo udhaifu wa pumzi uonekanapo. Uzi ukirefushwa, mwendo hupungua. Uzito wa jiwe haubadili neno.

Basi, kila mwalimu na aandike kwa penseli juu ya karatasi za waimbaji: “kwa uchangamfu”, “kwa kutegemeza sauti”. Kisha mtu mmoja asimame mlangoni mwa kanisa asikilize. Asipoweza kuyatamka maneno aliyoyasikia, wimbo na urudiwe.