Jibu la Kuacha Ukitoka Ofisini

Nimeombwa niseme juu ya lile jibu la barua pepe ambalo kompyuta hutuma yenyewe wakati sisi tumetoka.

Tuchukue mfano. Afisa wa mradi wa maji Homa Bay anakwenda mafunzo Migori, Jumanne tarehe 3 Machi hadi Ijumaa tarehe 6. Anaacha maneno haya: "Siko ofisini. Nitarudi wiki ijayo." Jumatano, mweka hazina wa kikundi kimoja Kendu Bay anaandika: fundi wa pampu anadai malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa, fomu ipelekwe kwa nani? Anarudishiwa yale maneno mawili matatu. Sasa angoje, au apande matatu aje? Halafu hiyo "wiki ijayo" imehesabiwa kutoka lini?

Wengine huongeza "samahani sana kwa usumbufu", wakidhani ukali umekwisha. Haujakwisha. Mgeni bado amesimama mlangoni, na hakuna aliyemwambia abishe wapi. Afisa huyu angeandika hivi:

"Asante kwa barua yako. Sitakuwa ofisini kuanzia Jumanne 3 Machi, na nitarudi Jumatatu 9 Machi. Kama una fomu ya malipo isiyoweza kungoja, tafadhali mwandikie mhasibu wetu. Yeye ataipokea na kuikagua, lakini sahihi yangu itangoja hadi nirudi. Barua nyingine nitazijibu kufikia Jumatano 11 Machi."

Hapo kwa mhasibu weka jina, anwani na simu ya ofisi, na umwambie mwenyewe kabla hujaondoka, asije akashtukia fomu za watu. Ile habari ya sahihi inauma kidogo, lakini mweka hazina atajua mapema azungumze na fundi. Na mbona Jumatano, si Jumatatu? Kwa sababu Jumatatu utakuta barua zimejaa.

Kwa wanaotumia Gmail, fungua mipangilio kwenye kompyuta, utafute Vacation responder. Jaza First day, na Last day uweke Jumapili tarehe 8, la sivyo jibu litaendelea kutoka hata ukiwa umeketi mezani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu mmoja akikuandikia mara nyingi, Gmail humjibu mara moja tu katika siku nne. Mweka hazina akiandika tena Alhamisi, hapati kitu. Kwa hiyo yote ayahitajiyo yawe katika jibu lile la kwanza.

Kuna pia kisanduku cha kuwajibu walio katika orodha yako peke yao. Sisi tunaandikiwa na vikundi vipya kila mara, basi kiache wazi. Lakini kwa vile hata usiowajua watajibiwa, usitaje unalala wapi wala kwamba nyumbani hakuna mtu. Ukimaliza, jitumie barua kutoka anwani nyingine, uisome kwenye simu kama atakavyoisoma yule wa Kendu Bay.